Mkato upi unakata?

Chukua duka la vifaa vya ujenzi linaloweka mauzo yake kwenye kompyuta. Mwisho wa mwezi mhasibu anataka hesabu, na programu anayotumia yeye si ile ya dukani. Basi programu ya dukani inamtolea faili linaloishia na `.csv`, aina ya faili ambayo programu nyingi za hesabu, za benki na za takwimu zinajua kuitoa na kuipokea. Akilifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi, anakutana na mistari ya namna hii:

```
namba,mahali,risiti,kiasi,bidhaa,maoni
26,Korogwe,00118,8000,Misumari,amelipa
27,"Ngamiani, Tanga",,"12,500","Bomba 2"", plastiki",
```

Mstari wa kwanza unataja majina ya safu. Kila mstari unaofuata ni uuzaji mmoja, na mikato ndiyo inayotenganisha sehemu zake. Uuzaji namba 26 unasomeka bila taabu: mteja wa Korogwe, risiti 00118, shilingi 8,000, misumari, amelipa. Kazi iko kwenye namba 27. Mteja wa Ngamiani, Tanga, alinunua bomba la plastiki la inchi 2 kwa shilingi 12,500. Risiti haikuandikwa, na maoni hayapo. Habari zote hizo zimo ndani ya mstari, wala hakuna iliyofichika. Ila kompyuta ikiusoma kwa njia inayomjia mtu kwanza, yaani kukata kila penye mkato, inatoka na mambo mengine kabisa.

Hesabu mikato ya mstari huo: iko minane. Ukikata penye kila mmoja, unapata vipande tisa, ilhali safu ni sita. Vipande vyenyewe ni hivi, kila kimoja kwenye mstari wake kati ya mabano:

```
[27]
["Ngamiani]
[ Tanga"]
[]
["12]
[500"]
["Bomba 2""]
[ plastiki"]
[]
```

Sasa vipange chini ya majina ya safu. Mahali pamekuwa nusu ya jina. Tanga imehamia kwenye safu ya risiti. Kiasi, ambacho ndicho mhasibu alichokifuata, ni kipande cha nne, na kipande cha nne ni kitupu. Programu nyingi zikikuta kiasi kitupu huruka bila kulalamika wakati wa kujumlisha. Jumla ya mistari hii miwili ingepaswa kuwa shilingi 20,500, itasomeka 8,000. Hakuna onyo litakalotokea, kwa sababu mstari wa 26, usio na nukuu, umesomeka sawasawa kabisa. Kwenye faili lenye maelfu ya mistari, iliyo salama huifunika iliyoharibika, na mtu huliamini faili zima kwa kuwa mistari michache ya juu aliyoitazama ilikuwa mizuri.

Kanuni iliyoandikwa baadaye

Kuandika data kwa kuitenganisha na mikato ni desturi ya zamani katika kompyuta. Ilikuwepo kabla ya kompyuta za mezani kuenea. Kila programu iliandika kwa namna yake. Mwezi Oktoba 2005 Yakov Shafranovich alichapisha waraka mfupi unaojulikana kwa jina la RFC 4180, akakusanya yale ambayo programu nyingi zilikuwa zikiyafanya tayari. Waraka huo haumlazimishi mtu, lakini ndio unaorejewa watu wanapobishana kuhusu faili lililoandikwa vibaya.

Kanuni zake zinazotuhusu hapa ni chache. Sehemu moja na nyingine hutenganishwa kwa mkato. Sehemu yenye mkato ndani yake huzungushiwa nukuu mbili zilizosimama, moja mwanzoni na nyingine mwishoni. Ikiwa ndani ya sehemu hiyo pana nukuu halisi, kama ile alama ya inchi kwenye `2"`, basi nukuu hiyo huandikwa mara mbili mfululizo. Na nafasi kati ya maneno ni sehemu ya data, isifutwe.

Kwa kanuni hizo, `"Bomba 2"", plastiki"` si fumbo. Nukuu ya kwanza inafungua, ya mwisho inafunga, na zile mbili zilizoshikana katikati ni alama moja tu ya inchi. Kinachosomwa ni `Bomba 2", plastiki`.

Hapa ndipo linapojulikana jambo ambalo mkataji wa haraka hakulizingatia. Mkato wa kwenye `12,500` na mkato unaofuata mara baada ya nukuu yake ya kufunga ni alama ileile, haina tofauti hata chembe. Huwezi kuutazama mkato peke yake ukasema kama unakata au haukati. Jibu limo katika yaliyotangulia: je, tangu mwanzo wa mstari mpaka hapa, nukuu imefunguliwa bila kufungwa? Kwa hiyo mstari hauwezi kukatwa kwa pigo moja. Unapaswa kusomwa kutoka kushoto, herufi baada ya herufi, huku msomaji akikumbuka jambo moja tu: niko ndani ya nukuu, au niko nje?

Kutembea juu ya mstari

Tuite herufi kila kilichoandikwa, iwe ni herufi kweli, tarakimu, alama au nafasi tupu. Programu inayosoma kwa njia hii inashika karatasi moja ya kuandikia sehemu inayoendelea, na orodha ya sehemu zilizokwisha kamilika. Inaanza ikiwa nje ya nukuu, na karatasi ikiwa tupu.

Ikiwa nje, ikikuta mkato inafunga sehemu: yaliyomo kwenye karatasi yanaingia kwenye orodha, na karatasi inakuwa tupu tena. Ikikuta nukuu mwanzoni kabisa mwa sehemu, haiandiki kitu, inaingia ndani. Ikikuta herufi nyingine yoyote, inaiandika.

Ikiwa ndani, mkato hauna nguvu yoyote. Unaandikwa kama herufi nyingine. Kinachoiamsha ni nukuu peke yake, na hapo inabidi itazame herufi moja mbele kabla ya kuamua. Ikiwa herufi inayofuata nayo ni nukuu, basi hizi ni jozi: inaandika nukuu moja na kuziruka zote mbili, ikibaki ndani. Ikiwa inayofuata ni kitu kingine, au mstari umekwisha, nukuu hiyo ilikuwa ya kufunga, na programu inatoka nje.

Tuufuate mstari wa 27 kwa utaratibu huo. Inasomwa `2`, kisha `7`, zote zinaandikwa. Mkato: tuko nje, sehemu ya kwanza inafungwa ikiwa `27`. Inafuata nukuu, karatasi ni tupu, tunaingia ndani. Herufi za `Ngamiani` zinaandikwa, mkato unaandikwa, nafasi inaandikwa, `Tanga` inaandikwa. Nukuu: tunachungulia mbele, tunaona mkato, si nukuu, kwa hiyo tunatoka. Mkato huo sasa tunaukuta tukiwa nje, na sehemu ya pili inafungwa ikiwa `Ngamiani, Tanga`.

Herufi inayofuata ni mkato mwingine. Tuko nje na karatasi haina kitu, lakini kanuni haibadiliki: mkato wa nje unafunga sehemu. Orodha inapokea sehemu tupu, na hiyo ndiyo risiti isiyoandikwa. Kisha `"12,500"` inapita kama ilivyopita Ngamiani.

Sasa bomba. Nukuu inatuingiza ndani, tunaandika `Bomba 2`, halafu tunakuta nukuu. Tunachungulia: inayofuata ni nukuu pia. Tunaandika moja, tunaziruka zote mbili, tumebaki ndani. Mkato unaofuata unaandikwa tu. Hapa ndipo programu isiyochungulia mbele ingejikwaa: ingeiona nukuu ya kwanza ikatoka nje, na isingejua la kufanya na ya pili. Tunaendelea na ` plastiki`, tunakuta nukuu ambayo mbele yake kuna mkato, tunatoka, na mkato unafunga sehemu ya tano.

Mstari umekwisha na karatasi ni tupu. Bado kuna hatua moja: kilichomo kwenye karatasi, hata kama si chochote, kinaingia kwenye orodha kama sehemu ya sita. Safu ya maoni imepata utupu wake.

Mtu anayetaka kuhakiki kwa macho ana njia ya mkato ya kupima alama moja tu bila kutembea mstari mzima kwa uangalifu wote huo. Ahesabu nukuu zote zilizotangulia mkato anaoutilia shaka. Zikiwa shufwa, mkato unakata. Zikiwa witiri, mkato ni data. Mkato unaofuata baada ya `2""` umetanguliwa na nukuu saba: mbili za Ngamiani, mbili za kiasi na tatu za bomba. Saba ni witiri, haukati. Mkato wa mwisho wa mstari umetanguliwa na nane, unakata. Jozi ya nukuu haiharibu hesabu hii kwa sababu inaongeza mbili, na mbili hazibadilishi shufwa kuwa witiri. Kipimo hiki kinafaa kwa mstari ulioandikwa kwa kufuata kanuni. Penye nukuu iliyosahauliwa kinadanganya kama kingine chochote.

Sehemu tupu nayo ina namba yake

Kwenye basi la kwenda Tanga kiti kisicho na abiria bado kina namba yake, na abiria wa kiti cha nne hasogezwi kuwa wa tatu kwa sababu jirani yake hakuja. Sehemu tupu ni vivyo hivyo. Maana ya kila kitu kwenye mstari inatokana na nafasi yake ya kuhesabiwa, na ukiifuta sehemu tupu, zote zinazofuata zinahamia chini ya majina yasiyo yao.

Kosa la kuzifuta si la kubuni. Katika lugha ya C kuna amri ya siku nyingi iitwayo `strtok`, inayokata maandishi kwa alama unayoichagua. Amri hiyo huihesabu mikato iliyofuatana kuwa kitenganishi kimoja. Ukiipa `26,,8000` inakurudishia vipande viwili, `26` na `8000`, kana kwamba risiti haikuwahi kuwa na safu. Tabia hiyo inafaa kwa kukata sentensi penye nafasi kati ya maneno, ambapo nafasi mbili au tatu hazina maana tofauti na moja. Kwa jedwali ni hatari. Ndiyo maana baadaye ikatengenezwa amri nyingine, `strsep`, inayozihifadhi sehemu tupu.

Java nayo ina namna yake. Amri ya `split` inahifadhi sehemu tupu za katikati, lakini zile za mwishoni inazitupa. Mstari `a,b,,` una sehemu nne. `split(",")` inarudisha mbili. Anayezitaka zote anapaswa kuandika `split(",", -1)`. Kosa hili ni gumu kulikamata, kwa kuwa linaonekana tu kwenye mistari ambayo safu zake za mwisho hazikujazwa. Mistari iliyojaa inasomeka vizuri siku zote.

Anayesoma herufi kwa herufi anaepuka yote mawili kwa kushika kanuni moja ya hesabu: idadi ya sehemu ni idadi ya mikato ya nje, ongeza moja. Mstari wetu una mikato mitano ya nje, kwa hiyo una sehemu sita. Mstari wenye mikato miwili tu na kitu kingine hakuna, `,,`, una sehemu tatu, zote tupu. Ile moja ya kuongeza ni sehemu ya mwisho, ambayo haina mkato wa kuifunga. Mwisho wa mstari ndio unaoifunga. Wanaoandika msomaji wao kwa mara ya kwanza huisahau hatua hiyo mara nyingi, au huifanya kwa sharti kwamba karatasi iwe na kitu. Sharti hilo ndilo linaloua maoni yasiyoandikwa.

Baada ya kuihifadhi sehemu tupu, bado lipo swali la maana yake. Kiasi kitupu si sawa na kiasi cha sifuri: sifuri inasema bidhaa ilitolewa bure, utupu unasema hakuna aliyeandika. Msomaji wa mstari asiamue jambo hilo. Kazi yake ni kukabidhi utupu kama utupu, na anayejua biashara ndiye aamue. Vilevile namba ya risiti `00118` ibaki maandishi. Ikigeuzwa kuwa namba inakuwa 118, na sifuri zake mbili hazirudi.

Kuna mifumo inayokwenda mbali zaidi na kutofautisha utupu wa aina mbili. Hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mipangilio yake ya kawaida, ikisoma faili la aina hii huchukulia `,,` kuwa taarifa haipo, na `,"",` kuwa taarifa ipo nayo ni maandishi yasiyo na herufi hata moja. RFC 4180 haisemi lolote kuhusu tofauti hiyo. Msomaji tuliyemweleza hapa anatoa jibu moja kwa zote mbili. Anayehitaji kuzitofautisha ataongeza kumbukumbu ndogo ya kama sehemu ilifunguliwa kwa nukuu.

Utaratibu huo kwa lugha ya kompyuta

Kwa Python, yote tuliyoyaeleza yanaingia katika mistari michache:

```python
def soma(mstari):
    orodha, karatasi = [], ""
    ndani = False
    i = 0
    while i < len(mstari):
        h = mstari[i]
        if ndani:
            if h != '"':
                karatasi += h
            elif mstari[i+1:i+2] == '"':
                karatasi += '"'
                i += 1
            else:
                ndani = False
        elif h == ',':
            orodha.append(karatasi)
            karatasi = ""
        elif h == '"' and karatasi == "":
            ndani = True
        else:
            karatasi += h
        i += 1
    if ndani:
        raise ValueError("nukuu haikufungwa")
    orodha.append(karatasi)
    return orodha
```

Mambo mawili yanastahili kutazamwa. La kwanza ni `mstari[i+1:i+2]`, ndiko kuchungulia mbele. Imeandikwa hivyo ili nukuu ikiwa ndiyo herufi ya mwisho ya mstari, programu ipate utupu badala ya kuanguka kwa kutafuta herufi isiyokuwepo. La pili ni sharti la `karatasi == ""`: nukuu inafungua tu ikiwa mwanzoni mwa sehemu. Kwa sharti hilo, mtu aliyeandika `Bomba 2",Korogwe` bila kuzungushia nukuu atasomewa alichokikusudia, inchi ikiwa inchi.

Msomaji huyu ana upole mmoja usio wa kanuni. Akikuta `"Bomba"la maji`, yaani maandishi yanayofuata baada ya nukuu kufungwa, anayaunganisha kimyakimya. Anayeshughulika na hesabu za fedha afadhali akatae mstari wa namna hiyo na kutaja namba yake, ili mtu autazame.

Panapoharibika

Shida ya kwanza inayowakuta wengi haionekani kwa macho. Mafaili yaliyotengenezwa kwenye Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili, na RFC 4180 inataka hivyohivyo. Ukiikata mistari kwa kutumia alama ya pili tu, ya kwanza, inayoandikwa `\r`, inabaki imening'inia kwenye sehemu ya mwisho. Safu yetu ya maoni sasa inaonekana tupu kwenye kioo, lakini ina herufi moja ndani. Programu ikiuliza kama maoni ni tupu, inajibiwa hapana. Dalili yake ni hiyo: safu ya mwisho pekee ndiyo inayokataa kulingana na kitu ambacho macho yanasema ni sawa nacho. Dawa ni kupima urefu wa sehemu hiyo, na kuiondoa `\r` kabla ya kuanza kusoma.

Ya pili ni nukuu zilizopinda. Mtu akiupitisha mstari kwenye programu ya kuandikia barua, au akiuandika kwenye simu, nukuu zilizosimama hugeuzwa kuwa “hizi”. Kwa binadamu ni zilezile. Kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, hazifungui wala hazifungi, na mikato iliyokuwa imelindwa inaanza kukata.

Ya tatu ni nafasi kabla ya nukuu. Ukiandika `27, "Ngamiani, Tanga"`, sehemu ya pili inaanza kwa nafasi, si kwa nukuu. Kwa kuwa nafasi ni data, nukuu haiko mwanzoni, na mkato wa Ngamiani unakata. Wengine huchagua kuziruka nafasi za mwanzoni. Maktaba ya `csv` iliyomo ndani ya Python ina chaguo la kufanya hivyo liitwalo `skipinitialspace`. Uamuzi wowote unafaa, mradi ufanywe kwa kujua.

Ya nne inagusa neno lenyewe la mstari. Kanuni inaruhusu sehemu iliyozungushiwa nukuu kuwa na mwanzo wa mstari mpya ndani yake. Mteja akiandikiwa maoni ya mistari miwili, uuzaji mmoja utakaa kwenye mistari miwili ya faili. Aliyekata faili kuwa mistari kwanza, kisha akamkabidhi msomaji mmoja mmoja, atapata lile kosa la `nukuu haikufungwa`. Ujumbe huo una maana mbili zinazowezekana: ama nukuu imesahauliwa kweli, ama sehemu inaendelea mstari wa chini. Suluhisho ni kumwachia msomaji faili zima na kumfundisha kwamba mwisho wa mstari, kama mkato, una nguvu ukiwa nje tu. Lakini hapo nukuu moja iliyosahauliwa inaweza kumeza mamia ya mauzo na kuyafanya sehemu moja ndefu. Ukiona faili lenye mistari mingi limetoa rekodi chache kupita kiasi, na sehemu moja yenye urefu wa kurasa, tafuta nukuu hiyo pale sehemu hiyo inapoanza.

Na wakati mwingine mkato si kitenganishi hata kidogo. Kwenye kompyuta iliyowekwa kwa mipangilio ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi Bujumbura na Bukavu, mkato hutenganisha desimali: `12,5` ni kumi na mbili na nusu. Excel kwenye mipangilio hiyo hutenganisha sehemu kwa nukta mkato, ingawa jina la faili bado linaishia na `.csv`. Ukikata kwa mkato, kila mstari unatoka na kipande kimoja au viwili. Utaratibu wa kutembea haubadiliki. Unabadilisha alama moja tu kwenye programu.

Kipimo, na mpaka wake

Kabla ya kumwamini msomaji uliyemwandika, mpe mistari midogo ambayo majibu yake unayajua:

```
a,,c         sehemu 3
,,           sehemu 3
a,""         sehemu 2
"a,b",c      sehemu 2
"a"",b",c    sehemu 2
```

Mpe kilicho upande wa kushoto tu, bila nafasi za mwishoni. Mstari wa mwisho ndio mkali kuliko yote, na sehemu yake ya kwanza iwe `a",b`. Kisha kwenye faili halisi hesabu sehemu za kila mstari na ulinganishe na mstari wa majina. Usioendana utengwe pamoja na namba yake, usirekebishwe kwa kubahatisha. Kama unafanya kazi kwa Python au lugha nyingine yenye maktaba iliyokwisha kupimwa, itumie maktaba. Aliyeelewa hatua hizi ataijua sababu itakapokataa faili. Kuandika kwa mkono kuna nafasi yake kwenye vifaa vidogo visivyo na maktaba, au pale faili linapokuwa na ukaidi wake wa pekee.

Ila hata kipimo cha hesabu kina mwisho wa uwezo wake. Tazama mstari huu, ulioandikwa na programu isiyozungushia nukuu, na ambayo pia iliiacha safu ya maoni:

```
28,Muheza,,4,500,Rangi
```

Una sehemu sita, sawa na majina. Kiasi kinasomeka shilingi 4, bidhaa ni 500, na maoni ni Rangi. Binadamu anayejua bei ya rangi anaona mara moja kwamba ilikuwa 4,500. Msomaji hawezi kuona, kwa sababu mkato ulioachwa wazi na safu iliyokosekana vimefidiana, na hakuna alama iliyobaki kwenye mstari ya kumwambia. Kinachoweza kumkamata ni kipimo kingine: safu ya bidhaa isiwe na namba tupu, na jumla ya kiasi ilinganishwe na jumla iliyotolewa na duka. Kikishamkamata, marekebisho hayafanywi kwa anayesoma. Inarudishwa habari kwa aliyeandika faili, azungushie nukuu kila sehemu yenye mkato na aache mkato kwa kila safu tupu, kwa kuwa yeye ndiye pekee aliyejua, wakati wa kuandika, mkato upi ulikuwa wa kukata.